Mteja anasema kofi meka imechoka: pima maji kwanza kabla hujarudisha hela

Leo naongea na nyie mnaouza vyombo vya umeme vya ndani, hasa used, na mnaouza kahawa ya kusaga pamoja na mashine zake. Kuna meseji moja ambayo kila anayeuza kofi meka lazima aipate: “Dada, ile mashine ilikuwa nzuri mwanzoni, sasa hivi inatoa kahawa nyepesi kama chai na inachukua nusu saa. Naomba unirudishie hela yangu.”

Juzi dada mmoja ninayefanya naye biashara, anauza vyombo used mtandaoni hapa Dar, alinitumia meseji ya hivyo kutoka kwa mteja wake wa Kigamboni. Mashine alimuuzia shilingi 85,000, imetumika miezi mitatu kwenye saluni. Swali lake lilikuwa fupi: “Nirudishe hela au nibishane naye?” Nikamwambia asifanye chochote kati ya hivyo viwili. Alete mashine tuipime. Ilitumia mchana mmoja, ikarudi saluni inafanya kazi. Nitawaonyesha tulivyofanya, maana utaratibu ni uleule kwa mashine zote za kudondosha.

Kwanza tuelewane ndani mna nini. Wengi wanadhani kofi meka ina pampu. Hizi za kawaida za nyumbani hazina. Maji yanashuka kutoka kwenye tangi, yanapita kwenye kivali kidogo cha njia moja, yanaingia kwenye bomba jembamba la alumini lililopinda chini ya ile sahani ya moto, pembeni ya koili. Humo ndani maji yanachemka, mapovu ya mvuke yanayasukuma kwenda juu kupitia mpira, hadi kwenye kinyunyizio kilichopo juu ya kahawa. Kivali kazi yake ni kuzuia yale mapovu yasirudi kwenye tangi. Basi. Moto mmoja, njia moja, kivali kimoja na matundu machache ya kinyunyizia. Kitu chochote kikibana kwenye njia hiyo, mashine inakuwa nzito.

Na kinachobana mara nyingi ni ukoko. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika la umeme ndio huohuo unaojijenga ndani ya lile bomba, ila huku huuoni. Ni chokaa inayotoka kwenye maji magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu vizuri. Wanaotumia maji ya kisima wanayajua. Ukoko unafanya mabaya mawili kwa pamoja: unapunguza upana wa njia, halafu unakaa katikati ya moto na maji kama blanketi. Koili inapata joto kupita kiasi, termostati inakata, inasubiri ipoe, inawasha tena. Mteja anaona taa inawaka muda wote na anadhani moto upo, kumbe unakatika kila baada ya muda.

KIPIMO CHA KWANZA: MAJI MATUPU NA SAA

Hapa ndipo wengi wanakurupuka. Wanaonja kahawa na kuanza kubishana. Usionje kwanza. Toa kahawa, toa filta, weka maji lita moja kamili kwenye tangi, funga, washa, na uanzishe saa ya simu. Simama pale uangalie mpaka maji yaishe.

Itachukua muda gani kwa mashine nzima? Angalia wati zilizoandikwa kwenye kibandiko chini ya mashine. Kupandisha lita moja ya maji kutoka joto la kawaida, nyuzi 25 hivi, hadi nyuzi 93 kunahitaji nishati ya kama joule 285,000. Gawanya namba hiyo kwa wati, utapata sekunde. Kwa mashine ya wati 900 ni sekunde 317, yaani dakika tano na kidogo. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya mvuke na joto linalopotea, unafika dakika saba. Kwa hiyo mashine ya wati 900 ikimaliza lita moja kwa dakika sita hadi nane, mashine ni nzima. Ya wati 600 mpe dakika kumi au kumi na moja, hiyo ndiyo kasi yake ya kuzaliwa, siyo ubovu.

Jambo moja la kuangalia kabla hujailaumu mashine ni umeme. Mtaani kwetu umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, mashine ya wati 900 inabaki na nguvu ya wati 550 tu, na lita moja itakwenda dakika kumi na moja na zaidi. Kama mteja anapika kahawa saa moja jioni wakati taa zimefifia, mwambie arudie asubuhi. Ikiwa asubuhi inakimbia na jioni inasuasua, tatizo liko kwenye nguzo.

Mashine ya dada yetu ilikuwa ya wati 900, tukaipimia mchana umeme ukiwa mzuri. Lita moja ilichukua dakika kumi na tisa. Hapo hakuna ubishi tena, mashine imebanwa.

NA IKIMALIZA KWA MUDA MZURI?

Basi mashine haina kosa, tatizo liko kwenye kikapu cha kahawa. Na hapa ladha inakusaidia sana, kwa hiyo mwulize mteja maswali haya mawili: inachelewa? Na ikifika mdomoni ikoje?

Ikichelewa na ikawa chungu, kali ya kukwaruza, maji yanakaa sana kwenye kahawa. Mara nyingi kahawa imesagwa laini kama unga, ile ya kupikia kwenye sufuria au dele. Unga huo unaziba karatasi ya filta na maji yanajaa kikapuni mpaka yanafurika. Kahawa ya kofi meka inatakiwa iwe na chembe kama mchanga wa kawaida wa kujengea, uliochekechwa. Wewe unayeuza kahawa ya kusaga, hili ni lako: muulize mteja anapikia nini kabla hujasaga, uepuke malalamiko yasiyo na sababu.

Ikitoka haraka na ikawa nyepesi, kahawa ni chache au imesagwa kwa chembe kubwa mno. Kipimo kizuri cha kuanzia ni gramu 60 kwa lita moja ya maji. Wengi wanaweka vijiko viwili kwenye jagi zima kisha wanasema mashine imekufa.

Kuna kitu kimoja cha tatu hapo kikapuni: kile kivali cha chini kinachozuia matone ukitoa jagi. Kinafunguka kikisukumwa na mfuniko wa jagi. Mteja akivunja jagi la asili na kununua lingine fupi, kivali hakifunguki vizuri, kahawa inadondoka kwa shida. Pia mafuta ya kahawa yanakigandisha. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kibonyeze kwa kidole mara kadhaa mpaka kirudi chenyewe.

Lakini ikichelewa NA ikawa nyepesi, kama ilivyokuwa ya mteja wa Kigamboni, rudi kwenye mashine. Maji yanafika juu kwa vitone, yamepoa njiani, na yanaangukia sehemu moja tu ya kahawa. Kahawa nyingine inabaki bila kuguswa vizuri.

IKIWA NZITO HATA KWA MAJI MATUPU, ISOME INAVYOPIGA

Wakati inafanya kazi, fungua mfuniko wa tangi, angalia na usikilize. Usiweke uso juu yake, mvuke unaunguza.

Ukisikia inanguruma, inatoa mvuke mwingi, lakini maji yanatoka kidogo kidogo kwa kukohoa, na katikati unasikia “tik” ya kukata na “tik” ya kuwasha, huo ni ukoko ndani ya bomba.

Ukiona mapovu mengi yanapanda ndani ya tangi lenyewe na maji ya tangi yanapata moto, kivali cha njia moja kimekwama wazi. Mvuke unarudi nyuma badala ya kusukuma maji juu. Mara nyingi ni chembe ya kahawa au kipande cha ukoko kimekaa juu yake.

Ukiona hakuna kinachotokea kabisa, sahani ya moto inapata joto lakini maji hayapandi, na mashine ilikaa stoo muda mrefu bila maji, inawezekana ni hewa imekaa kwenye njia, au kivali kimekauka na kugandia kikiwa kimefungwa. Na kama hata sahani haipati joto, achana nayo wewe, hiyo ni fyuzi ya joto au koili. Mpelekee fundi.

KUTOA UKOKO

Chukua asidi ya sitriki, ile ya unga inayouzwa maduka ya malighafi za sabuni na vyakula. Gramu 20 kwa lita moja ya maji zinatosha. Ukikosa, siki nyeupe nusu na maji nusu inafanya kazi, ila harufu yake inadumu. Ndimu nazo zina asidi hiyohiyo, lakini vinyama vyake vinakwenda kuziba unachotaka kuzibua, kwa hiyo mimi sizitumii. Dawa ya choo yenye tindikali usiiguse kabisa, inakula alumini, na hiki ni chombo cha kunywea.

Weka karatasi ya filta tupu kwenye kikapu. Itashika vipande vinavyotoka visiende kuziba kivali cha chini, na utaona kwa macho kilichokuwa ndani. Mimina lita ya maji yenye asidi kwenye tangi, washa. Maji yakianza kutoka juu na kufika kama robo, zima. Usiache ipige yote kwa mkupuo mmoja. Asidi inahitaji muda, na sitriki ikichemshwa sana pamoja na chokaa nyingi inaweza yenyewe kugandisha unga mwingine mweupe ndani. Acha dakika 20, ikae na joto lake. Washa tena, ifike nusu, zima, subiri dakika 20 nyingine. Kisha iache imalize.

Usiiache na asidi usiku kucha, bomba ni la alumini. Na usichanganye asidi yoyote na jiki, hata mabaki, inatoa gesi mbaya kwa mapafu.

Ukimaliza, pitisha maji safi matangi mawili au matatu mpaka maji yasiwe na ukali ulimini. Halafu rudia kipimo cha saa. Hapa ndipo wengi wanakosea: wanafanya mara moja, wanaona bado, wanasema imeshindikana. Ile ya Kigamboni mzunguko wa kwanza ilitoka dakika kumi na tisa hadi kumi na moja, filta ikiwa na mchanga mweupe kiasi cha kijiko cha chai. Mzunguko wa pili ikashuka hadi nane. Wa tatu tuliujaribu ikabaki nane, tukajua bomba limesafika.

KUZIBUA KIVALI

Kama dalili ni ile ya mapovu kurudi kwenye tangi, chomoa waya, acha ipoe, mwaga maji, igeuze kichwa chini juu ya sinki na uitikise. Kisha chukua bomba la sindano jipya, bila sindano yenyewe, lijaze maji ya uvuguvugu, libane kwenye tundu la kutokea maji chini ya tangi, sukuma kwa nguvu kiasi, vuta, sukuma tena. Unatafuta kuitingisha ile goroli au kipande cha mpira kilichomo ndani. Njia hii pia inatoa hewa iliyokaa. Fanya hivyo mara tano sita, ukiona vipande vinatoka uko njia sahihi.

Kufungua kitako ni kazi ya fundi au ya mtu anayejua anachofanya. Ndani kuna waya zisizofunikwa, na mpira umeshikwa na klipu. Klipu ikirudishwa vibaya maji yanavujia kwenye umeme. Sioni sababu ya muuzaji kuhatarisha mteja kwa hilo.

SASA KASI IMERUDI, MBONA BADO NYEPESI?

Hiki ndicho kilichotutokea. Saa inasema nane, tukaweka gramu 60 za kahawa, tukapika lita moja, kahawa bado haina nguvu. Usikate tamaa hapo, fungua kikapu uangalie machicha. Machicha yanasema ukweli. Yakiwa yamelowa sawasawa, yamelala tambarare, maji yamepita kila sehemu. Yakiwa na shimo upande mmoja na kingo kavu, maji yanaangukia sehemu moja tu.

Ya kwetu yalikuwa na shimo. Tukageuza mfuniko, kinyunyizio kilikuwa na matundu tisa, yaliyo wazi matatu, mengine yamezibwa na ukoko mweupe. Tuliyazibua moja moja kwa kijiti cha meno kilicholoweshwa kwenye maji yaleyale ya asidi. Pini ya chuma inafaa pia, ila usipanue tundu, maana maji yatakimbilia hapo. Tukafuta, tukapitisha maji safi, tukapika tena kahawa ileile, kipimo kilekile. Machicha tambarare, kahawa nyeusi, harufu imejaa chumba. Jagi lilipungua kidogo kwa sababu gramu 60 za kahawa zinabaki na maji kama mililita 120, na mengine yanaondoka na mvuke. Hilo mwambie mteja mapema, asidhani mashine inamwibia maji.

Hesabu ya siku hiyo: asidi gramu 40 kwa mizunguko miwili iliyofanya kazi, na ule wa tatu wa majaribio gramu 20. Filta tatu. Bodaboda kwenda na kurudi. Dada hakurudisha 85,000, na mteja hakukosa mashine. Alimtumia video ya dakika nane inayoonyesha lita moja ikiisha, na maelezo ya kusafisha. Mteja akajibu, “Asante dada, kumbe ni maji yetu.” Kwa maji ya kisima kile tulimwambia asafishe kila mwezi, au apikie maji ya kunywa ya dumu yasiyo na chokaa nyingi. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii, chokaa imeyeyuka ndani ya maji, haichujiki hivyo.

Kwa hiyo unaponunua mzigo wa used, nenda na chupa ya lita moja na simu yako. Ukikuta mashine ya wati 900 inachukua dakika 15 lakini sahani inapata joto na haivuji, hiyo si mbovu, ni chafu, na hapo una nafasi ya kuongea bei. Ikivuja chini, ikinuka plastiki iliyoungua, au ikirusha fyuzi ya nyumba, iache hata kwa bei ya bure. Na zile zinazotoka Japani soma kibandiko, nyingi ni za volti 100. Ukichomeka moja kwa moja kwenye ukuta wetu unaiua palepale, inahitaji transfoma inayobeba wati zake.

Halafu kwenye tangazo lako andika muda ulioupima: “Lita 1, dakika 8, nimepima mwenyewe leo.” Miezi mitatu baadaye mteja akija na malalamiko, mwambie apime lita moja ya maji matupu akutumie muda wake. Mtakuwa mnaongea kwa dakika, na nyote wawili mtajua pa kuanzia.